Maswali yanayoulizwa sana kuhusu paili ya kuchimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi: mshiko wa ubavuni, uwezo wa kitako, na mzigo wa kazi

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana kwa vijana wanaoanza kazi ya misingi, nikaona bora niyaweke pamoja. Mfano wote ni wa mfinyanzi wa London, kwa sababu ndo udongo ambao paili za kuchimbwa zimepimwa na kuandikwa kuliko karibu udongo mwingine wowote, na namba nyingi mnazozikuta kwenye hesabu za paili, ile 0.45 ya ubavu na ile 9 ya kitako, zimezungukia huko. Ukijua zilitoka wapi utajua pia lini usizitumie.

Paili ya kuchimbwa inabebaje mzigo?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni ubavu, yaani udongo unaishika zege kuzunguka urefu wote wa shimo na kukataa isiteleze kushuka. Ya pili ni kitako, ile duara ya chini inayokalia udongo ambao haujachimbwa. Ukijumlisha uwezo wa ubavu na uwezo wa kitako unapata mzigo wa mwisho, ule ambao ukiufikia paili inazama. Kisha unagawanya kwa fakta ya usalama unapata mzigo wa kazi, ndo ule unaoruhusu nguzo ya jengo iuweke pale juu.

```
Qs = alfa × cu_wastani × π × D × L
Qb = 9 × cu_kitako × π × D² / 4
```

Qs ni uwezo wa ubavu, Qb ni uwezo wa kitako, alfa ni sehemu ya cu ambayo ubavu unaipata kweli, D ni kipenyo, L ni urefu ulio ndani ya mfinyanzi (sio urefu wote wa paili, hapo wengi wanateleza), na cu ni nguvu ya udongo kabla maji yake hayajapata muda wa kutoka. Kwenye ubavu unatumia cu ya wastani kwa urefu wote, kwenye kitako unatumia cu ya pale chini.

Hiyo cu naipata wapi?

Kwenye ripoti ya uchunguzi wa udongo. Kuna vipimo vya traiaksia vya maabara, na kuna kile kipimo cha kupigapiga na nyundo ndani ya shimo kinachotoa idadi ya mapigo N. Kwa mfinyanzi wa London watu huzidisha N kwa takriban 4.5 kupata cu kwa kPa, kwa hiyo mapigo 20 ni kama kPa 90. Usichukue kipimo kimoja ukakiamini. Chora vyote kwenye karatasi moja, kina upande mmoja na cu upande mwingine, utaona vimetawanyika kama kuku waliotupiwa mtama, na wewe kazi yako ni kupitisha mstari wa tahadhari, sio ule unaopita kwenye namba nzuri.

Na ukiwa saiti tumia mkono pia. Chukua bonge la mfinyanzi lililotoka na keekee ulibane. Mfinyanzi mgumu wa kPa 75 hadi 150 huwezi kuufinyanga kwa vidole lakini dole gumba linaacha alama. Zaidi ya hapo ni ukucha tu unaoingia. Kama ripoti inasema kPa 150 na bonge lako linafinyangika kama unga wa chapati, simama uulize.

Kwa nini alfa sio 1? Udongo si ni uleule?

Hapa ndo moyo wa mambo yote kwa hiyo nitakaa kidogo.

Udongo uliopimwa maabara sio udongo unaoshika zege yako. Kabla hujachimba, mfinyanzi ule umebanwa pande zote. Ukichimba shimo unauachia upande mmoja, unavimba kuelekea shimoni, na ukivimba unavuta maji. Mfinyanzi wa London una nyufa ndogondogo nyingi na maji yanapita humo. Keekee nayo inapozunguka inaukoroga na kuupaka ule ukuta. Halafu unamwaga zege mbichi, yenye maji yake, na sehemu ya maji hayo inanyonywa na udongo. Matokeo yake ni kwamba kuzunguka paili kuna ngozi nyembamba ya udongo ulioloa na kulainika, na paili inashikwa na ngozi hiyo, haishikwi na ule udongo mgumu ulioko nyuma yake.

Mwaka 1959 Skempton wa Imperial College alikusanya majaribio ya paili za kuchimbwa kwenye mfinyanzi wa London, akalinganisha mshiko uliopatikana kweli na cu ya udongo. Ikatoka takriban 0.45 kwa wastani, lakini sehemu nyingine ilishuka hadi kama 0.3 na nyingine ikapanda hadi 0.6. Kwa hiyo 0.45 sio tabia ya udongo peke yake, ni tabia ya udongo pamoja na namna shimo lilivyochimbwa na muda lilioachwa wazi. Siku hizi London wengi wanatumia 0.5 pale kazi inaposimamiwa vizuri, na wanaweka kikomo kwamba wastani wa mshiko usizidi kama kPa 110 hata hesabu ikisema zaidi.

Na ile 9 ya kitako?

Ni namba ya nadharia ya uwezo wa mfinyanzi kubeba, Skempton huyohuyo aliieleza mwaka 1951. Msingi wa juu juu unaanzia karibu 6 kwa duara, ukienda chini udongo wa juu unasaidia kubana, inapanda hadi 9 na kusimama hapo. Ili uitumie kitako kiwe kimeingia ndani ya mfinyanzi kama mara nne au tano ya kipenyo, na kwa paili ya kawaida hilo halina shida.

Angalizo moja. Sampuli ndogo ya maabara inaweza ikaponyoka nyufa zote ikaonekana na nguvu kuliko udongo mzima ulivyo. Kwa vitako vikubwa vya zaidi ya mita 1 watu hukata cu ya kitako hadi 0.75 yake kwa sababu hiyo.

Nionyeshe mfano mmoja hadi mwisho.

Sawa. Nguzo ya jengo inataka kN 1000 za mzigo wa kazi. Juu kuna mita 2 za kifusi, halafu mfinyanzi wa London unaanza. Cu pale unapoanzia ni kPa 70 na inaongezeka kPa 7 kila mita unayoshuka. Tunajaribu kipenyo cha mita 0.6.

Jaribio la kwanza, paili ya mita 18. Kifusi tunakipuuza kabisa, kwa hiyo zinabaki mita 16 za mfinyanzi. Wastani wa cu ubavuni ni 70 + 7 × 8 = 126, pale kitakoni ni 182. Ubavu unatoa kN 1710, kitako kN 463, jumla 2173. Ukigawanya kwa fakta ya usalama ya 2.5 unapata kN 869. Haitoshi.

Jaribio la pili, mita 20, mfinyanzi mita 18:

```
cu_wastani = 70 + 7 × 9  = 133 kPa
cu_kitako  = 70 + 7 × 18 = 196 kPa
Qs = 0.45 × 133 × π × 0.6 × 18  = 2031 kN
Qb = 9 × 196 × π × 0.6² / 4     =  499 kN
jumla = 2530 kN
2530 / 2.5 = 1012 kN
```

Imetosha, kwa mkia lakini imetosha. Sasa angalia hizo namba mbili kabla hujafunga karatasi. Ubavu ni 2031, kitako ni 499. Yaani asilimia 80 ya uwezo wote uko ubavuni. Watu wengi wakifikiria paili wanafikiria kitu kilichosimama juu ya kitu kigumu, kama kigingi kilichofika mwambani. Kwenye mfinyanzi sio hivyo, paili nyembamba ndefu inaning'inia kwenye udongo zaidi ya inavyosimama.

Si ningepanua kipenyo badala ya kwenda chini zaidi?

Ungeweza. Kwa mita 18 zilezile, kipenyo cha mita 0.75 kinakupa kN 1144. Ila zege yake ni karibu mita za ujazo 8, na ile ya 0.6 kwa mita 20 ni 5.65 tu. Kwenye mfinyanzi unaozidi kuwa mgumu kadri unavyoshuka, kurefuka karibu kila mara ni nafuu kuliko kunenepa, mpaka pale mashine yako inapoishia au unapokaribia udongo mwingine. London chini ya mfinyanzi huu kuna tabaka zenye mchanga na maji yenye presha, kwa hiyo ukikaribia kule mita mbili za ziada zinaweza zikakugeuzia shimo kisima.

Mbona vitabu vingine vina fakta mbili, 1.5 kwa ubavu na 3 kwa kitako?

Kwa sababu ubavu na kitako haviamki pamoja. Hili ndo jambo ninaloomba kila mtu alielewe kabla ya kujumlisha chochote.

Ubavu unafikia nguvu yake yote paili ikishuka kidogo sana, kama asilimia 0.5 hadi 1 ya kipenyo. Kwa paili yetu ya milimita 600 hiyo ni milimita 3 hadi 6. Kitako kinataka kushuka asilimia 10 hadi 20 ya kipenyo, yaani milimita 60 hadi 120, ndo kitoe zile kN 499 zote. Majengo mengi hayavumilii nguzo kushuka milimita 60. Kwa hiyo jumla ya 2530 ni kweli pale mwisho kabisa, lakini siku za kawaida, jengo likiwa na watu ndani, karibu mzigo wote umebebwa na ubavu na kitako bado kimelala.

Ndo maana mzigo wa kazi, Qa, tunauangalia kwa njia mbili na kuchukua ndogo:

```
Qa = min( (Qs + Qb) / 2.5 ,  Qs / 1.5 + Qb / 3 )
```

Kwa paili yetu njia ya pili inatoa 1354 + 166 = kN 1520, ni kubwa, kwa hiyo 1012 inabaki. Ukicheza na hizo hesabu mbili utaona njia ya pili inakuwa ndogo pale tu kitako kinapozidi ubavu zaidi ya mara nne. Kwa paili iliyonyooka haitokei kirahisi. Inatokea kwa paili zenye kitako kilichopanuliwa kama kengele.

Chukua udongo uleule, shina la mita 0.9 na kengele ya mita 2.6 kina kilekile. Kitako, cu yake ikikatwa hadi 0.75, kinatoa karibu kN 7024. Ubavu, ukiacha urefu wa kengele yenyewe na kama vipenyo viwili vya shina juu yake, unabaki na mita 15 hivi, na alfa naishusha hadi 0.3 kwa sababu kupanua kengele kunachukua muda na shimo linaendelea kulainika, napata kN 1558. Njia ya kwanza inasema 3433, ya pili inasema 3380. Hapa ya pili ndo inaamua, na sababu yake ni ileile, paili hii inategemea kitako ambacho lazima kishuke ndo kifanye kazi, kwa hiyo swali lake sio itavunjika lini, ni itashuka kiasi gani.

Nisipokuwa na uhakika, nihofie ubavu au kitako?

Ubavu. Fanya hesabu mwenyewe kwa paili yetu ya mita 20. Tuseme kitako kimeharibika kabisa, kimejaa tope, kinatoa sifuri. Ubavu peke yake una 2031 dhidi ya mzigo 1012, bado fakta ni 2. Sasa tuseme kitako ni kizima lakini ubavu umelainika alfa ikashuka kutoka 0.45 hadi 0.3. Umepoteza kN 677, zaidi ya kitako chote, na fakta imeshuka hadi 1.83. Na tope la chini angalau unaweza ukalipima kabla ya kumwaga zege, kulainika kwa ukuta wa mita 18 hukuoni kwa macho ukiwa juu.

Sisemi kitako kiachwe kichafu. Nasema saa nyingi za usimamizi ziende kwenye muda, kati ya kuchimba na kumwaga zege.

Shimo linaweza kukaa wazi muda gani?

Chimba na umwage siku hiyohiyo, na nyingi zinatakiwa ziwe zimeisha ndani ya saa 12. Niliwahi kuwa saiti moja ambapo shimo lilifika kina saa 10 jioni, gari la zege halikuja, likafunikwa hadi asubuhi. Asubuhi tuliingiza tena keekee na udongo uliokwanguka ukutani ulikuwa unang'aa na unachukua alama ya kidole bila kusukuma, wakati jana yake bonge la kina kilekile lilikuwa linahitaji dole gumba kwa nguvu. Tabaka laini lilikuwa jembamba, sentimita moja hivi, lakini hiyo sentimita moja ndo paili yote ingeshikwa nayo. Tulipanua shimo kwa keekee kubwa zaidi tukaondoa ile ngozi, tukashusha na kina kidogo, na zege ikaingia ndani ya saa mbili. Ingekuwa bora zaidi kutochimba kabla ya kujua gari liko njiani.

Angalia pia vipande vya mawe vilivyomo ndani ya mfinyanzi, mara nyingi vinakuja na maji. Ukiona ukuta unatiririka sehemu moja andika kina, saa, na kiasi, kwa sababu mtu wa hesabu anahitaji kujua kama alfa yake bado ina haki ya kuwa 0.45.

Nitajuaje kitako ni kisafi?

Teremsha futi ndefu yenye uzito mwishoni. Ikigonga udongo mgumu unasikia mkononi inasimama ghafla. Ikitua kama imeangukia mto wa kulalia bila kishindo, kuna tope. Linganisha pia kina cha futi na kina cha keekee, tofauti ni uchafu. Safisha kwa ndoo ya kusafishia, pima tena. Usimteremshe mtu shimoni.

Na hesabu zege. Shimo letu linataka mita za ujazo 5.65, kwa kawaida itaingia zaidi kidogo. Ikiingia pungufu, mahali fulani shimo limejibana na paili ina kiuno, na hiyo paili usiipokee kabla haijachunguzwa.

Kwa nini ulipuuza zile mita mbili za kifusi juu?

Kifusi hakijulikani kimeshikana vipi, na kama ni kipya kitaendelea kushuka na kuivuta paili chini badala ya kuibeba, hapo inabidi uongeze mzigo, sio upunguze. Mfinyanzi wa juu nao unakauka na kusinyaa kiangazi, hasa karibu na miti mikubwa. Ukisinyaa unaachana na zege. Kiangazi kikali cha 1976 kiliwafundisha Waingereza hilo kwa nyumba nyingi zilizopasuka. Wale wa Nairobi na udongo mweusi wa pamba mnalijua vizuri zaidi yao. Kwenye udongo wa namna hiyo tabaka linalovimba na kusinyaa lisihesabiwe kubeba, na likivimba linaweza hata kuinyanyua paili, kwa hiyo nondo zishuke chini vya kutosha kuhimili kuvutwa.

Uzito wa paili yenyewe mbona hauko kwenye hesabu?

Kwa sababu zege imechukua nafasi ya udongo uliotolewa. Zege ni kama kN 24 kwa mita ya ujazo, udongo kama 20, tofauti kwa paili yetu ni kN 23 hivi. Weka ukitaka.

Naweza kutumia 0.45 kwa mfinyanzi wa Dar, Kisumu au Kampala?

Kama namba ya kuanzia mchoro, sawa. Kama namba ya kujengea, hapana, mpaka udongo wako uwe umepimwa. Mfinyanzi wa London ni mgumu, una nyufa, umewahi kubanwa na tabaka nene lililokuja kuondoka. Mfinyanzi laini wa kando ya mto au ziwa ni kitu kingine, alfa yake huwa kubwa zaidi, inakaribia 1, lakini cu yenyewe ni ndogo na shimo halisimami bila bomba la chuma au tope la bentonaiti.

Jaribio la mzigo linabadilisha nini?

Linabadilisha fakta, kwa sababu linaondoa kubahatisha alfa. Kwa miongozo ya London, paili ya majaribio iliyosukumwa hadi mwisho inaweza ikakushusha hadi karibu 2.0. Kwa paili yetu hiyo ni 2530 / 2 = kN 1265 badala ya 1012, au kwa mzigo uleule wa kN 1000 unarudi kwenye paili ya mita 18, ambayo 2173 / 2 yake ni kN 1087. Kwenye saiti ya paili 100 hizo ni mita 200 za kuchimba ambazo hukuzilipia.

Ukiisoma grafu ya jaribio, tafuta pale mstari unapokunja. Mwanzo unashuka kidogo kidogo karibu umenyooka, huo ni ubavu unafanya kazi. Kwa kipenyo cha milimita 600, kati ya milimita 3 na 6 mstari unaanza kulala, ubavu umefika mwisho, na kuanzia hapo kila kN unayoongeza inalipwa na kitako kwa kushuka kwingi. Mwisho huhesabiwa pale inapofika asilimia 10 ya kipenyo, yaani milimita 60. Mzigo wa pale kwenye mkunjo toa makadirio ya kile kitako kilichokwisha kubeba, kinachobaki kigawanye kwa eneo la ubavu, meta za mraba 33.9, unapata mshiko halisi. Ukigawanya hiyo kwa 133 unapata alfa ya saiti yako.